Ovaroli niliyoshona imemuunguza mchomeleaji mguuni. Kosa ni la kitambaa au la mshono?

MamaBobini
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani, riziki yangu ni sare na magauni. Miezi mitatu iliyopita nilipata oda ya ovaroli 12 za karakana ya vyuma. Kitambaa alileta mteja mwenyewe, dreli ya bluu nzito nzito, akasema ni pamba. Uzi nilitumia wangu wa kawaida. Nilishona zipu mbele, mifuko 2 ya kifuani isiyo na vifuniko ili kalamu na tepu viingie haraka, na mifuko 2 ya pembeni iliyolala mshazari. Miguu niliacha mirefu nikaipindia nje, kwa sababu vijana wanapishana urefu na sikutaka kukata saizi 12 tofauti.

Wiki iliyopita moja imerudishwa. Kijana alikuwa amesimama anachomelea fremu iliyo usawa wa kifua chake. Moto ulianzia chini, mguu wa kushoto, ukapanda kwa ndani hadi karibu na goti kabla hajashtuka, maana alikuwa ndani ya barakoa ya kuchomelea. Ana malengelenge kwenye shavu la mguu. Mshono wa ndani wa mguu umeachia kabisa, na kifuani kuna vitundu vidogo kama vichwa vya pini. Mteja anasema nimeshona vibaya. Nataka ukweli kabla sijashika mkasi tena.

BolotiNaNati
Pole dada. Hapo umeuziwa poliesta, kesi imeisha. Pamba haishiki moto. Chukua pamba halisi, iloweke kwenye maji ya boraksi, ianike, mtu atapita kwenye cheche asisikie kitu. Mjomba wangu alifanya hivyo miaka yote.

Jikoni24
Nimefurahi kuona mada ya nguo za kazi. Mimi ni mpishi, na koti langu jeupe nimebadilishiwa, hili jipya ni jepesi na halikunji. Ila nikisimama karibu na kikaango nahisi linanata mwilini. Je, nalo ni poliesta? Na kwa nini makoti yetu yana safu mbili za vifungo? Nani anavifunga vyote?

MzeeCheche
Mama, usikubali lawama wala usijitetee bado. Nimechomelea miaka 26 na baadaye nikawa mkaguzi wa vifaa vya kujikinga. Nguo iliyoungua inajieleza yenyewe ukijua pa kuangalia. Nifanyie mambo mawili.

La kwanza, pitisha kidole kwenye ukingo wa pale palipoungua. Je, ni laini na unapukutika kama karatasi iliyoungua, au kuna ukingo mgumu kama plastiki iliyopoa?

La pili, chomoa nyuzi chache kutoka kwenye kitambaa, na kando chomoa kipande cha uzi wa mshono. Shika kila kimoja kwa kibanio cha chuma juu ya sahani ya bati, mbali na vitambaa vyako, ukisogeze taratibu kwenye mwali. Pamba haiukwepi mwali. Inawaka, inanuka karatasi, inaacha majivu ya kijivu yanayosagika. Poliesta hujikunyata kabla hata mwali haujaigusa, kisha inaacha punje ngumu usiyoweza kuiponda kwa kucha.

Boloti, nitarudi kwako. Pamba inashika moto vizuri sana ndugu yangu. Utambi wa taa ni nini kama si pamba?

BolotiNaNati
Hahaha, utambi sijaufikiria. Lakini boraksi inafanya kazi, hilo sikubali uniambie vinginevyo.

MamaBobini
Nimefanya. Nyuzi za kitambaa zimewaka na kunuka karatasi, nikafikiri ni pamba. Lakini nilipoyasaga majivu nikakuta vipunje vyeusi vigumu ndani yake. Uzi wa mshono umejikunyata wote ukawa shanga moja. Ukingo wa palipoungua nao ni hivyo hivyo, mkaa wenye ugumu ugumu.

MzeeCheche
Basi hapo kuna makosa mawili ya malighafi na moja la umbo, na yalikutana mguu mmoja.

Nianze na umbo, maana moto ulianzia hapo. Tone la chuma linaporuka kutoka kwenye kazi huwa limetoka kwenye joto la karibu nyuzi 1500 za Selsiasi. Tone hilo likigonga kitambaa kilichosimama wima, linagusa sekunde isiyotimia kisha linadondoka sakafuni. Nguo ya mchomeleaji yote imejengwa juu ya jambo hilo moja, tone lisipate pa kukaa. Wewe pindo la mguu ulilipindia nje, ukatengeneza mfereji unaozunguka mguu mzima, mdomo wake ukiangalia juu. Tone likaingia likatulia, pengine juu ya vumbi la grainda na pamba pamba zilizojikusanya humo. Lilikuwa na muda wote liliouhitaji.

Kitambaa nacho ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Watu hudhani mchanganyiko utakuwa na ubaya wa katikati. Kwenye moto sivyo. Poliesta ikiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 250 na ushee, na mara nyingi inaukimbia mwali au inadondoka nao. Pamba ikiwa peke yake inaungua lakini haiyeyuki. Ukizichanganya, pamba inageuka mkaa unaosimama kama fito za ukuta, na poliesta iliyoyeyuka inabaki imeshikiliwa juu yake kama mafuta kwenye utambi. Haina pa kukimbilia, inawakia hapo hapo, na ikigusa ngozi inanata. Malengelenge ya kijana yalitokana na hilo, sidhani kama mwali peke yake ungefanya vile.

Uzi nao ulikuwa poliesta tupu. Mshono uliachia kwa sababu uzi uliyeyuka kabla kitambaa hakijamaliza kuungua, na ulipoachia mguu ukafunguka, moto ukapata hewa kwa ndani. Kwa hiyo mteja ana haki kidogo kuhusu mshono, ila mkono wako haukukosea. Tatizo ni uzi uliokuwa kwenye bobini.

MamaBobini
Aisee. Huo mfereji niliuweka mimi mwenyewe kwa nia njema kabisa. Na vile vitundu vya kifuani?

MzeeCheche
Hizo ni cheche ndogo zilizogusa na kuondoka, poliesta ikarudi nyuma kila mahali zilipogusa. Mshukuru Mungu hakuna iliyoingia kwenye mfuko wa kifua. Mfuko ulio wazi ni mfereji ule ule, tofauti ni kwamba uko juu ya moyo na mara nyingi una karatasi na kiberiti ndani.

Jikoni24
Samahani nauliza tena, na koti langu?

DadaSahani
Jikoni24 nikujibu mimi, nimesimamia jiko kubwa muda mrefu. Linalonata karibu na joto ni la kulitilia shaka, choma uzi mmoja wa ndani ya pindo kama Mzee alivyoeleza. Ile safu mbili ya vifungo inakupa vitambaa viwili juu ya kifua na tumbo, pale mvuke na mafuta yanaporukia. Tena upande wa kushoto ukichafuka unafungia wa kulia juu, unatoka mbele ya wateja ukiwa msafi. Vile vifungo vya fundo la kitambaa si urembo. Vinastahimili kufuliwa kwa maji ya moto, na havivunjiki vipande vikaangukia kwenye chakula.

Ila nimeona kitu hapa. Mkono wa koti la mpishi tunaushona mrefu kusudi uupinde nje. Ukitaka kushika kitu cha moto unaushusha, pindo likichafuka unalikunja upya. Kwetu pindo la nje ni msaada, kwao ni mtego wa moto!

MzeeCheche
Umeona vizuri dada. Kuna tofauti nyingine pia. Mafuta ya moto yakikumwagikia kifuani yanazama kwenye kitambaa na kukaa pale yakiendelea kukupika, kwa hiyo koti lenu linatakiwa kuvuliwa upesi sana. Ndiyo maana wengine wanapenda vifungo vya kubonyeza vinavyoachia kwa mvuto mmoja. Mchomeleaji naye anahitaji nguo iliyofungwa hadi shingoni na isiyoachia yenyewe anapoinama, maana hata mwanga wa tao la umeme unababua ngozi kama jua kali. Ukiona mchomeleaji mwenye pembetatu nyekundu chini ya koo, kola yake haifungwi.

BolotiNaNati
Narudi kwenye boraksi yangu.

MzeeCheche
Twende. Uko sahihi nusu. Boraksi, hasa ikichanganywa na asidi ya boriki, kweli inapunguza kuwaka kwa pamba. Mjomba hakudanganywa. Lakini ni chumvi iliyokauka kwenye kitambaa, na inaondoka na maji. Ovaroli ikifuliwa mara moja, hata ikiloa jasho jingi, hujui tena nini kimebaki. Anayeivaa anaamini amekingwa, na hiyo ni hatari kuliko anayejua hajakingwa.

Pamba iliyotibiwa kiwandani ni jambo jingine. Dawa yenye fosforasi inafungwa ndani ya nyuzi zenyewe, na inavumilia kufuliwa mara nyingi. Cheche ikitua, kitambaa kinageuka mkaa pale pale na mwali unajizima ukiondoa chanzo. Ukinunua kitambaa, omba cheti cha ISO 11611, hicho ni kiwango cha kimataifa cha nguo za wachomeleaji. Kina madaraja mawili. Wanadondoshea kitambaa matone ya chuma kilichoyeyuka na kuhesabu ni mangapi mpaka joto la upande wa pili lipande kwa nyuzi 40. Daraja la 1 linatakiwa kustahimili angalau matone 15, daraja la 2 angalau 25. Kwa kuchomelea kwa kawaida mezani la 1 linatosha, kwa kazi ya juu ya kichwa au sehemu finyu nenda la 2.

DogoSindano
Mzee, mimi pia nashona. Hiyo dawa si inatoka ukifua kwa jiki? Nguo za kazi zinatoka nyeusi, bila jiki huwezi.

MzeeCheche
Jiki yenye klorini inaiharibu, usiitumie kabisa. Kilainishi cha nguo nacho kinaacha utando unaowaka. Sabuni ya kipande kwenye maji ya chumvichumvi inaacha mabaki meupe yanayowaka vile vile, ni bora sabuni ya unga na kusuuza sana. Grisi na mafuta ya mashine ndiyo mabaya kuliko yote. Ovaroli nzuri iliyolowa dizeli ni utambi tu, hata iwe na cheti gani.

MamaBobini
Nimeanza kuchora upya. Naomba mnikosoe.

Miguu sasa nakata kwa saizi 4, pindo linakunjwa ndani na kushonwa. Mteja amekubali kitambaa cha pamba iliyotibiwa. Nimekiloweka kipande cha mita 1 na kukianika, kimepungua sentimita 3. Kwa hiyo mguu wa sentimita 110 ungepungua zaidi ya 3, na mvaaji akipiga goti buti lingechungulia. Nitafua jora zima kabla ya kukata.

Mifuko ya kifua naifanyia vifuniko. Swali ni je, kifuniko kiwe na upana gani, na ile ya pembeni nifanyeje?

MzeeCheche
Kifuniko kizidi mdomo wa mfuko kwa sentimita 1 kila upande, yaani 2 kwa jumla, la sivyo ukishone ncha zake chini. Kikilingana sawa na mdomo, mtu akiinama kinajikunja na pembe zinaacha uwazi. Mfuko wa pembeni unaruhusiwa bila kifuniko ikiwa uko chini ya kiuno na mdomo wake umelala sambamba na mshono wa ubavuni, hata ukiegemea mbele usizidi nyuzi 10. Ule wako wa mshazari ulikuwa unadaka cheche kama kiganja. Na jezi za ndani za poliesta wazivue, hilo waambie wavaaji.

Zipu ya chuma ifunike nje kwa ukanda wa kitambaa, na nyuma yake uweke mwingine. Chuma chochote kinachotokea nje na kugusa ndani kinabeba joto hadi kwenye ngozi. Ribiti za jinzi, zile zilizosajiliwa mwaka 1873 kwa ajili ya kuimarisha mifuko ya wafanyakazi, kwa mchomeleaji ni vitufe vya kupigia chapa.

Uzi tafuta wa aramidi. Hauyeyuki. Utaona ni mgumu kukata na mkasi wako utalalamika. Ukikosa, tumia wa pamba nene, ukijua hauna nguvu sawa.

DogoSindano
Na mshono? Mimi ningepiga overloki nikamaliza.

MamaBobini
Dogo hapo nakujibu mimi. Overloki inaacha uzi mwingi wazi. Nitapiga mshono bapa wa kukunja mara mbili, kingo zote zinafichwa ndani. Nilichogundua nikichora ni kwamba ule mkunjo lazima uangalie chini pale mabegani na kifuani, kama bati za paa, la juu linalilalia la chini. Ukiugeuza, umejenga kingo ndogo ya kudaka cheche mstari mzima.

MzeeCheche
Mama, hiyo ya bati hata mimi sijawahi kuisikia ikielezwa hivyo. Naiba.

MlinziWaBarabara
Nimechelewa. Mimi ni msimamizi wa kazi za barabarani, tuna wachomeleaji wa kingo za madaraja. Sheria yetu kila mtu avae kizibao cha reflekta. Je, wavae juu ya hizo ovaroli? Vyetu ni vile vyepesi vya wavu.

MzeeCheche
Vile vya wavu ni poliesta. Ukivalisha juu ya pamba iliyotibiwa umepaka plastiki juu ya kinga. Nimeshaona kizibao kilichoyeyukia kwenye ovaroli nzima, hukuweza kutenganisha.

MlinziWaBarabara
Lakini nikimvua, gari litamgonga. Rangi ile ya machungwa inaonekana usiku kutoka mbali sana.

DadaSahani
Rangi ile usiku haisaidii kitu, nilidhani kila mtu anajua hilo. Ni ule ukanda wa kijivu unaong'aa.

MzeeCheche
Dada yuko sahihi. Rangi kali inafanya kazi mchana, hasa alfajiri na jioni, kwa sababu inageuza miale ya jua isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana. Jua likizama imekwisha. Ukanda wa kijivu una vijishanga vidogo sana vya kioo vinavyorudisha mwanga wa taa za gari kule kule ulikotoka, kwa macho ya dereva. Bila taa hauonekani, na ukipakwa masizi ya kuchomelea unakufa. Usiku simama ulipo, shika tochi usawa wa jicho lako, uwamulike vijana wako mmoja mmoja. Utawajua ambao kizibao chao kimechoka.

Kwa wachomeleaji wako kuna kitambaa cha rangi kali kilichotibiwa dhidi ya moto, na kuna ukanda wa reflekta wa aina hiyo pia. Mama anaweza kuushona moja kwa moja kwenye ovaroli, upana usipungue sentimita 5, mmoja ukizunguka kiwiliwili, miwili ikipanda mabegani, na mizunguko kwenye mikono na miguu. Ile ya mikono na miguu ndiyo inayomwambia dereva kwamba anachokiona kinatembea. Bila hiyo anaweza kudhani ni pipa.

MlinziWaBarabara
Huo ukanda ukishonwa ovaroli ikichoka nao unatupwa. Kizibao nabadilisha peke yake. Kwa nini wasivue kizibao wakiwa wanachoma tu, nyuma ya uzio?

BolotiNaNati
Watavua, hawatavaa tena. Unawajua vijana.

MlinziWaBarabara
Na wale wa ukanda wa kushona, masizi yakijaa, nani atawavua ovaroli nzima katikati ya zamu? Mimi bado sijashawishika.

MzeeCheche
Sina jibu moja hapo. Nimefanya kazi sehemu zilizochagua uzio na sehemu zilizochagua kushona. Penye magari yanayopita karibu ningeshona.

KijanaWaTao
Naombeni nami. Mimi nachomelea mabomba, nusu ya siku mikono iko juu. Mkono wa ovaroli uwe ndani ya glavu au nje? Kila bosi ananiambia lake.

DogoSindano
Glavu juu ya mkono wa nguo. Siku zote.

MzeeCheche
Dogo, si siku zote. Fuata ule mfereji. Mikono ikiwa juu, mdomo wa glavu iliyovaliwa juu ya nguo unaangalia chini kwenye kiwiko, cheche inapita nje. Mikono ikishuka mezani, mdomo ule ule unaangalia juu na unadaka cheche. Hapo unataka mkono wa nguo uifunike glavu.

KijanaWaTao
Sasa mimi ambaye nafanya vyote viwili kwa saa moja?

MamaBobini
Ninaweza kukushonea mkono wenye kifundo kinachobana, na juu yake ukanda mpana unaoshuka kama sketi. Glavu inaingia katikati ya vile viwili. Nimekata wa majaribio kwa kitambaa chakavu. Ubaya ni kwamba ukigeuka juu ule ukanda unaning'inia kuelekea kwenye kiwiko, na karibu na grainda sipendi kitu kinachoning'inia.

MzeeCheche
Uubane kwa kifungo kimoja upande wa nje, kiwe kimefunikwa.

KijanaWaTao
Na nikiwa nimevaa glavu nitakifungaje?

MamaBobini
Ngoja nijaribu velkro nyembamba iliyofichwa chini yake. Najua nayo inayeyuka. Kesho kijana wa ile karakana anakuja kupimwa, mguu unaendelea vizuri, nitamvalisha nione ikikaa.

Jikoni24
Nimechoma uzi wa koti langu. Shanga ngumu. Narudi kwenye lile la zamani.